Mstari Kati ya Unga na Ugali: Jinsi Pato la Taifa Lilivyoiacha Kazi ya Nyumbani

Pale Bujora, karibu kilomita 20 mashariki mwa jiji la Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliacha makumbusho ambayo leo yanajulikana kama Makumbusho ya Wasukuma. Miongoni mwa majengo yake kuna nyumba ya mfua chuma, kuna nyumba ya mganga, na kuna nyumba ya familia. Mchumi anayekadiria Pato la Taifa akipita katika majengo hayo matatu, mawili ya kwanza hayatamsumbua. Jembe la mfua chuma lina bei, na huduma ya mganga ina malipo, hata kama malipo yenyewe ni mbuzi. Kazi itakuwa katika nyumba ya tatu. Humo ataingia na daftari lake, ataandika baadhi ya mambo anayoyaona, kisha akifika mekoni atafunga daftari. Makala hii inaeleza kwa nini analifunga pale hasa, nani alimwelekeza kufanya hivyo, na lini.

Tuanze na kile kinachohesabiwa. Pato la Taifa, kwa maana inayotumiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ni jumla ya ongezeko la thamani linalozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja au robo mwaka. Neno la kushika hapa ni «ongezeko». Mkulima wa Magu akiuza pamba mbegu, kinachoingia katika hesabu ni thamani ya pamba hiyo baada ya kutoa gharama ya mbegu, mbolea na dawa alizonunua. Kiwanda kikiichambua na kuuza nyuzi, kinachoingia ni bei ya nyuzi baada ya kutoa bei ya pamba mbegu na gharama nyingine. Kwa njia hiyo pamba ile ile haihesabiwi mara mbili. Katika Usukuma hesabu ya namna hii ilikuwa rahisi tangu zamani, kwa sababu pamba ilipita mahali panapojulikana. Tangu Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria lilipoundwa mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, pamba ilipimwa kwenye mizani ya chama, ikaandikiwa stakabadhi na kuingizwa kitabuni.

Watu wengi hudhani kwamba Pato la Taifa huhesabu vitu vinavyouzwa tu. Si kweli, na kosa hili ndilo linalofanya mjadala wa kazi za nyumbani uende kombo. Mahindi ambayo familia imeyalima na kuyala yenyewe yamo katika hesabu. Wataalamu hukadiria eneo lililolimwa na mavuno kwa ekari, wakazidisha kwa bei ya shambani, na hutumia pia tafiti za mapato na matumizi ya kaya ili kujua familia zimekula kiasi gani cha mazao yao wenyewe. Hata nyumba imo. Anayeishi katika nyumba yake hamlipi mtu kodi, lakini hesabu za taifa humchukulia kama mtu anayejilipa kodi mwenyewe, na kodi hiyo ya kukisiwa huongezwa katika pato. Kwa miaka mingi majedwali ya takwimu zetu yalitenganisha waziwazi sehemu ya pato inayopita katika fedha na ile isiyopita katika fedha. Katika hiyo ya pili ulikuta mazao, mifugo, misitu, uvuvi, ujenzi na makazi. Kwa hiyo hoja kwamba kazi ya nyumbani imeachwa kwa kuwa haina bei haitoshi. Mahindi ya kula nayo hayakuuzwa, na bado yalitafutiwa bei.

Sasa tuifuate siku ya mwanamke mmoja wa kubuni katika kijiji cha Kisesa, tukiwa na kanuni za Mfumo wa Hesabu za Taifa wa Umoja wa Mataifa mkononi. Alfajiri anakwenda kisimani kuchota maji: kwa kanuni za sasa, hiyo ni uzalishaji, imo. Anapitia kuni njiani: imo. Anakwenda kupalilia mahindi: imo. Akirudi anatwanga au anasaga nafaka: imo, kwa sababu unga ni bidhaa. Mchana anakata viazi vitamu na kuvianika juani ili apate michembe ya kiangazi: imo, kwa kuwa kuhifadhi chakula kwa kukausha ni usindikaji. Kisha anawasha moto, anachemsha maji yale yale aliyoyachota, kwa kuni zile zile alizozikata, anatia unga ule ule alioutwanga, na anasonga ugali. Hapo mstari umepita. Kusonga ugali hakumo. Kuosha vyombo hakumo, kumwogesha mtoto hakumo, kumlisha mama mkwe mgonjwa na kumgeuza kitandani hakumo.

Kanuni yenyewe inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: bidhaa ambazo kaya inazizalisha kwa matumizi yake zinahesabiwa, huduma ambazo kaya inajipa zenyewe hazihesabiwi. Zipo huduma mbili tu zilizosamehewa, nazo ni kodi ya kukisiwa ya nyumba na kazi ya mtumishi wa ndani anayelipwa mshahara. Mstari, basi, haupiti kati ya soko na nyumba kama tunavyofundishwa haraka haraka darasani. Unapita ndani ya nyumba, kati ya unga na ugali.

Je, mstari huo ni wa maumbile? Mwaka 1934 mchumi wa Marekani aliyeitwa Margaret Reid alichapisha kitabu kuhusu uchumi wa uzalishaji wa kaya, na humo akatoa kipimo ambacho hadi leo hakijapitwa. Jiulize, alisema, kama kazi hii ingeweza kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yako na bado ukapata faida yake. Kama ndiyo, basi ni uzalishaji. Kula hakuwezi kufanywa kwa niaba yako, wala kulala. Kupika kunawezekana, na ushahidi ni mama ntilie. Kwa kipimo cha Reid ugali uko upande mmoja na unga. Mwaka huo huo Simon Kuznets aliwasilisha katika Seneti ya Marekani makadirio ya pato la nchi yake. Yeye naye alikiri kwamba huduma za mama wa nyumba na watu wengine wa familia zimeachwa nje. Hakusema kwamba si kazi. Alizitaja kama kitu kilichopungua katika hesabu. Na kabla yao, mwaka 1920, Mwingereza Arthur Pigou alikuwa amekwisha kuonyesha kituko cha kanuni hii: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa ndani, pato la taifa hupungua, ingawa chakula kinachofika mezani ni kile kile.

Kilichoufanya mstari uwe mgumu ni vita. Mwaka 1941 serikali ya Uingereza ilitaka kujua ni kiasi gani cha rasilimali kinaweza kuchukuliwa kwa ajili ya silaha bila kuwasha moto wa bei. Vijana wawili, James Meade na Richard Stone, wakiungwa mkono na John Maynard Keynes, walitayarisha hesabu ambazo pande zake zinalingana: kilichozalishwa, kilichopatikana kama kipato, na kilichotumiwa. Kwa swali hilo, kuacha jiko nje kulikuwa na mantiki. Waziri wa fedha hawezi kutoza kodi sahani ya chakula ambayo mke ameipika, wala hawezi kuigeuza kuwa ndege ya kivita. Chombo kilitengenezwa kwa kazi maalumu. Tatizo lilianza chombo hicho kilipopandishwa meli kuja Afrika.

Aliyepewa jukumu la kukijaribu alikuwa mwanamke kijana, Phyllis Deane. Akiongozwa na kina Stone, na akiwa London, alianza kukadiria mapato ya Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Jamaika, yaani Zambia, Malawi na Jamaika za leo. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 1948. Lakini kati ya mwaka 1946 na 1947 Deane alisafiri mwenyewe hadi Afrika ya Kati na kuchunguza maisha ya vijiji, na huko aliona kwamba mgawanyo aliokuja nao haushiki. Katika nchi ya viwanda mtu anaweza kujidanganya kwamba kazi iko kiwandani na mapumziko yako nyumbani. Katika kijiji cha Nyasaland mwanamke yule yule, kwa mikono ile ile na katika saa zinazofuatana, analima, anatwanga, anatafuta kuni na anapika. Ukate wapi? Deane alifikia hitimisho kwamba katika uchumi wa namna hii ni kinyume cha mantiki kuacha nje kazi kama kutafuta kuni na kutayarisha chakula, kwa kuwa ni sehemu kubwa ya riziki ya watu. Ukiziacha, alichokibakiza mhasibu ni kipande cha uchumi, na hakiwezi kulinganishwa kwa haki na hesabu ya nchi ambayo watu wake hununua mkate uliokwisha kuokwa.

Hoja hiyo haikushinda. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulitoa toleo la kwanza la Mfumo wa Hesabu za Taifa, likiwa na alama za vidole vya Stone. Mazao ya kilimo, misitu, uwindaji na uvuvi yaliingizwa hata kama yanaliwa nyumbani; huduma za nyumbani ziliachwa. Hesabu za kwetu zilifuata njia hiyo. Mwaka 1958 Alan Peacock na Douglas Dosser walichapisha makadirio ya pato la Tanganyika kwa miaka ya 1952 hadi 1954, na kwa sifa yao waliweka ndani chakula ambacho wakulima walijilimia. Jiko lilibaki nje. Huo ulikuwa wakati ambapo pamba ya Usukuma ilikuwa ikipanda kwa kasi. Hesabu ziliona vizuri mikono ya vijana waliokusanyika kulima na kupalilia kwa jembe na ngoma. Hazikuona vyungu vilivyochemka tangu alfajiri ili kikosi hicho kile na kunywa. Wala hazikuweza kuuliza swali ambalo mwanahistoria analiuliza leo: ekari za pamba zilipoongezeka, saa za ziada za mwanamke zilitoka wapi?

Kwamba mstari huu ni uamuzi wa watu kunathibitishwa na ndoo ya maji. Katika matoleo ya mwaka 1953 na 1968, kuteka maji kwa matumizi ya nyumbani hakukuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuwa ni uzalishaji. Toleo la mwaka 1993 likayataja maji, sambamba na kuni na usindikaji wa chakula. Ziwa lilikuwa ni lile lile, njia ile ile, kichwa kile kile na ndoo ile ile. Kamati ilipokaa, mwanamke aliyekuwa «hafanyi kitu» akawa mzalishaji, angalau mpaka atakapoitua ndoo.

Watetezi wa mstari wana hoja, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba huduma za nyumbani ni shughuli inayojitosheleza: ugali ukipikwa unaliwa papo hapo, na hauathiri masoko mengine. Hoja hii haikutani na ukweli wa Mwanza. Saa ambazo mwanamke anazitumia mekoni na kwa mgonjwa ndizo zinazoamua kama atakuwapo ufukoni kuanika dagaa wa kuuza, na kwa hiyo zinaathiri soko la dagaa moja kwa moja. Ya pili ni kwamba bei ya kukisia ingechafua takwimu. Lakini tumekwisha kuona kwamba kodi ya kukisia ya nyumba ilivumiliwa bila shida. Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi: kama kila apikaye ni mzalishaji na mwajiriwa, ukosefu wa ajira ungetoweka katika takwimu, na mfumuko wa bei au mdororo wa uchumi usingeonekana vizuri. Hii ni kweli. Inatuambia, hata hivyo, kwamba chombo kimoja hakiwezi kujibu maswali mawili. Haituambii kwamba swali la pili halipo.

Na swali la pili lina gharama yake. Mwaka 1993 Tanzania ilianza kuwatoza wananchi ada katika huduma za afya, baada ya miaka ya kubana matumizi iliyofuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986. Hiyo ilikuwa pia miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukijaza wodi. Katika vitabu vya serikali, mgonjwa anayerudishwa nyumbani ni matumizi yaliyopungua. Lakini ule uangalizi haukutoweka. Ulihamia kwa mke, kwa dada, kwa bibi, na mara nyingi kwa binti aliyeacha shule. Hospitalini, muda wa muuguzi ulikuwa ndani ya Pato la Taifa kwa kiasi cha mshahara wake; nyumbani, kazi ile ile ilikuwa sifuri. Sera iliyohamisha mzigo ilionekana katika takwimu kama sera iliyopunguza mzigo. Ndiyo maana Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka huo huo wa 1993, na wasomi kama Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena, walishikilia kwamba bajeti haiwezi kusomwa kwa ukamilifu bila kuangalia nani anabeba kazi ya uangalizi.

Katika ngazi ya dunia hoja hii ilifikishwa mbali chini ya usimamizi wa binti wa Ukerewe. Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995, na azimio la mkutano huo lilitaka nchi zipime kazi isiyolipwa na kuiweka katika hesabu za pembeni, zilizotenganishwa na hesabu kuu lakini zinazooana nazo. Hatua ya kwanza ni kupima muda. Tanzania iliianza mwaka 2006, pale utafiti wa nguvukazi ulipoongezewa shajara ya saa 24, ambamo mtu anaulizwa alifanya nini saa baada ya saa. Utafiti wa namna hiyo ulirudiwa mwaka 2014 na tena mwaka 2020/21. Picha haibadiliki: katika kazi za nyumbani zisizolipwa, saa za wanawake ni mara kadhaa ya saa za wanaume.

Hatua ya pili, ya kutia bei, ndiyo yenye utelezi, na msomaji anapaswa kuielewa kabla ya kuamini asilimia yoyote atakayotajiwa. Tuchukue kaya yetu ya kubuni na kudhani kazi za nyumbani zinachukua saa 5 kwa siku, yaani saa 150 kwa mwezi. Tutafute mshahara wa mtu ambaye angefanya kazi hiyo. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2013 iliweka shilingi 80,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa ndani asiyeishi kwa mwajiri, na 40,000 kwa anayeishi humo. Mwezi wa saa 195 ukigawanywa, tunapata takriban shilingi 410 kwa saa au 205 kwa saa. Kwa bei ya kwanza kazi ya mwezi ina thamani ya shilingi 61,500. Kwa ya pili ni 30,750. Moto ni ule ule na sufuria ni ile ile, lakini thamani imepungua nusu. Ukiamua badala yake kutumia kile ambacho mwanamke huyo angekipata kwa kuuza dagaa katika saa hizo, utapata jibu la tatu. Na ukihesabu sahani kwa bei ya mama ntilie na kutoa gharama ya viungo, la nne. Kuna hatari nyingine ndani yake. Mishahara ya watumishi wa ndani ni midogo kwa sababu kazi yao inadharauliwa. Tukiitumia kama kipimo, tunaipima kazi kwa rula iliyokatwa na dharau ile ile.

Kwa sababu hiyo siungi mkono wale wanaotaka ugali uchanganywe moja kwa moja katika Pato la Taifa. Tungepata namba kubwa zaidi ya kujivunia majukwaani, na mwanamke wa Kisesa asingepunguziwa hata ndoo moja. Toleo jipya la Mfumo wa Hesabu za Taifa, lililoidhinishwa mwaka 2025, nalo limeuacha mstari mkuu mahali pake, huku likihimiza hesabu za pembeni kwa kazi hii. Njia hiyo inatutosha, kwa sharti kwamba itembewe. Shajara ya saa 24 isingoje miaka sita au minane. Iwe ya kawaida kama takwimu za pamba. Na itumike pale fedha zinapogawanywa. Mradi wa maji ukiletwa mbele ya baraza la madiwani wa Magu, waandike pembeni ya gharama yake saa ambazo utazirudisha kwa kila kaya. Wodi ikipunguziwa wauguzi, waandike saa zitakazohamia nyumbani, na kwa nani. Saa hazihitaji bei ya kukisiwa ili zihesabiwe, na mwenye nyumba anayeishi bila kulipa kodi amekuwa akihesabiwa kwa miongo mingi bila hata kuinuka kitini.